Faida ya duka: Unapoongeza 25, mfukoni inaingia 20

Duka limefunguliwa sebuleni mwa nyumba, na wanunuzi wapo kuanzia asubuhi. Mama anauza, baba analeta mzigo jioni akitoka kazini. Miezi minne baadaye rafu za juu ziko tupu, ingawa hakuna aliyeiba na daftari la madeni halina majina mengi. Ugomvi unaanza chumbani: nani anatoa pesa bila kusema?

Mara nyingi hakuna anayetoa kwa siri. Pesa inapotelea kwenye hesabu ya asilimia.

Tuchukue duka linalouza nepi za watoto. Pakiti moja inanunuliwa kwa jumla shilingi 8,000, nauli ya kuileta ikiwa ndani yake. Baba anasema waongeze asilimia 25. Robo ya 8,000 ni 2,000, kwa hiyo bei ya kuuzia inakuwa 10,000. Mpaka hapo hakuna kosa.

Jioni mama anahesabu droo. Wameuza pakiti 20, sawa na shilingi 200,000. Kwa kuwa "faida yetu ni asilimia 25", anatoa robo ya mauzo, yaani 50,000, kwa ajili ya pango, umeme, chakula na ada. Zinabaki 150,000 za kurudisha mzigo.

Lakini pakiti 20 ziligharimu 160,000. Kwa 150,000 baba anarudi na pakiti 18 na chenji ya 6,000. Duka limekula mtaji wake shilingi 10,000 kwa siku moja. Mauzo yakiendelea hivyo kwa siku 26 za mwezi, ni shilingi 260,000, na familia nzima inaamini imekula faida tu.

Kosa liko wapi? Faida ya kila pakiti ni 2,000, na hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni kitu unachoilinganisha nacho. Ukiilinganisha na bei ya kununulia, 2,000 kwa 8,000 ni asilimia 25. Hiyo ndiyo nyongeza ya bei. Ukiilinganisha na bei ya kuuzia, 2,000 kwa 10,000 ni asilimia 20. Hiyo ndiyo sehemu ya faida iliyomo ndani ya mauzo. Ya pili huwa ndogo daima, kwa sababu bei ya kuuzia imeshaibeba faida yenyewe, hivyo kiasi kilekile kinagawanywa kwa namba kubwa zaidi.

Pesa iliyo kwenye droo ni ya mauzo. Kwa hiyo asilimia inayotumika kwenye droo ni ile ya pili. Kwenye 200,000, faida ni 40,000, si 50,000. Na pango na umeme vinatoka ndani ya hiyo 40,000 kabla ya chakula cha nyumbani.

Kosa hilihili hujitokeza kwenye punguzo. Jirani anaomba apunguziwe, na mwenye duka anajisemea kwamba akitoa asilimia 25 atakuwa amerudisha faida yake tu, hapati wala hakosi. Asilimia 25 ya 10,000 ni 2,500, na pakiti inauzwa 7,500. Ameongeza hasara ya 500 kwa pakiti aliyoinunua 8,000. Mwisho wake ulikuwa asilimia 20.

Kama familia inataka kweli robo ya mauzo ibaki kuwa faida, inabidi bei ya kununulia iwe robo tatu ya bei ya kuuzia. Gawanya 8,000 kwa 0.75, utapata kama 10,670. Yaani unaongeza theluthi moja, karibu asilimia 33. Kabla ya kupandisha, angalia duka la jirani linauzaje, maana mnunuzi wa nepi anazijua bei za mtaa mzima.

Ugumu ni kwamba duka halina bidhaa moja. Sukari na unga huongezwa kidogo, pipi na sabuni za vipande huongezwa zaidi, na asilimia moja haiwezi kuzibeba zote. Njia nyepesi ni daftari lenye safu mbili: kila kilichouzwa kiandikwe bei ya kuuzia, na pembeni bei ya kununulia. Jioni jumlisha kila safu. Jumla ya safu ya pili irudi kwenye mzigo, isiguswe hata kwa ada. Tofauti ya safu hizo ndiyo faida ya siku, kabla ya pango, umeme na vilivyoharibika.

Siku pesa ya safu ya pili inaposhindwa kununua idadi ileile ya bidhaa, uliza kwanza kama bei ya jumla imepanda. Kama haijapanda, kuna mkono umeingia kwenye mtaji, na huenda ukawa mkono uliokuwa ukihesabu asilimia.