Umeandika 'Hello' Halafu Unauliza Oda Yako Iko Wapi?

Wacha niseme hii kitu leo, na mwenye kukasirika akasirike. Kuna oda zinazochelewa hapa Eldoret na kosa si la duka. Ni la aliyeandika barua pepe.

Nimewahi kuwa mtu wa kusoma oda kwa duka moja la kuchapa tisheti hapa mjini. Wiki ya mbio, klabu moja ilituma oda Jumatatu. Kwa Subject waliandika "RE: ORDER". Barua yenyewe ikaanza: "Habari za asubuhi. Natumai u buheri wa afya. Sisi ni wateja wenu wa siku nyingi..." Oda ilikuwa aya ya tatu: tisheti 60, zichukuliwe Ijumaa. Niliiona Alhamisi, baada ya kocha kupiga simu akifoka. Tukakesha, tukamaliza 35. Wengine 25 walikimbia na tisheti za mwaka uliopita, na kocha akanilaumu mimi.

Sasa ona kilichotokea kwa simu yangu. Kabla sijafungua barua, naona vitu vitatu tu: jina la mtumaji, kichwa, na maneno machache ya kwanza ya barua. Jina lilikuwa la mtu nisiyemjua. Kichwa kilikuwa na "RE", na programu za barua huweka hiyo "Re:" zenyewe mtu akijibu, kwa hivyo nikadhani ni majibu ya mazungumzo ya zamani. Najua mmeitoa wapi: shuleni tulifunzwa barua rasmi ina "KUH:" au "RE:". Kwa karatasi ni sawa. Kwa barua pepe mpya inadanganya. Na yale maneno ya kwanza yakaliwa yote na buheri wa afya.

Kocha alipopiga, nikatafuta neno "order" kwa Gmail. Bana, duka zima ni order! Zilikuja nyingi hadi nikachoka kuteremka.

Ile barua ingekuwa hivi, ningeishughulikia Jumatatu hiyo hiyo:

```
Subject: ODA tisheti 60, Ijumaa 10 Aprili, LPO 0471

Habari. Tafadhali tuchapieni tisheti 60 za bluu:
ndogo 15, za kati 30, kubwa 15. Tutazichukua
Ijumaa 10 Aprili saa nne asubuhi. Tutumieni bei
leo kabla ya saa kumi.
```

Mpangilio huo una sababu. Simu hukata kichwa kirefu, kwa hivyo kitu, idadi na siku vinakaa mbele, mahali jicho linafika. Namba ya LPO inaweza kukaa mwisho hata ikikatwa, kwa sababu ukitafuta, Gmail husoma kichwa chote. Lakini iandike vile vile kila mara. Gmail hutafuta neno zima, si kipande. Leo ukiandika "LPO 0471" na kesho "LPO0471", mtu akitafuta 0471 ile ya pili inaweza kumpita.

Na hiyo "URGENT" yenu, muiache. Wiki ya mbio kila mtu ni urgent. Neno hilo halisemi lini. "Ijumaa 10 Aprili" inasema lini, na mtu wa duka anaweza kupanga foleni yake.

Kuna tabia nyingine mbaya kuliko hiyo: kufungua barua ya mwaka jana, kubonyeza Reply, na kuandika oda mpya humo. Oda yako inaenda kujificha chini ya kichwa cha zamani, na anayeiona anadhani ni ile kazi iliyokwisha. Oda mpya, barua mpya. Ukibadilisha idadi, jibu kwa barua ile ile ya oda, na sentensi ya kwanza iseme: "Mabadiliko: sasa ni tisheti 75, si 60."

Najua mtaniambia sina heshima, ati Mswahili husalimu kwanza. Sijakataa salamu. "Habari" ni neno moja na linatosha. Ukitaka kuniuliza watoto na mvua, niulize chini, baada ya oda, nitakujibu kwa furaha. Lakini kumfanya mtu mwenye barua mia achimbe aya tatu kutafuta shida yako, hiyo ndiyo kukosa heshima.

Wengine mtasema siku hizi oda ni WhatsApp. Ya tisheti mbili, sawa. Shule, hoteli na ofisi zenye LPO bado zinatuma barua pepe kwa sababu zinataka rekodi. Na rekodi isiyopatikana si rekodi.

Kocha, kama unasoma hii: pole kwa zile 25. Lakini mwaka huu hiyo RE iache nyumbani.