Lililosemwa Kanisani Halimalizwi Sebuleni

Katika makanisa yetu ya pwani hii, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani, watu wanaamini kwamba ukimvunjia mzee heshima mbele ya watu, busara ni kwenda kwake jioni, kumtaka radhi, kisha kunyamaza. Kulitaja kosa hilo tena hadharani, wanasema, ni kutonesha kidonda. Naipinga imani hiyo. Anayesitiriwa nayo ni aliyekosea. Mzee anabaki na fedheha yake.

Nilikuwapo katika usharika mmoja wa Kilutheri mjini Tanga siku katibu aliposoma majina ya waliokuwa hawajakamilisha ahadi za ujenzi. Jina la saba lilikuwa la mzee wa kanisa, mstaafu wa shamba la mkonge. Katibu, dada mchapakazi kwelikweli, akaongeza neno ambalo halikuandikwa popote: "Na wazee wetu nao watuonyeshe mfano." Watu wakacheka. Mzee alikuwa benchi la mbele, kapu la sadaka mapajani.

Mzee yule hakuwa na deni. Aliahidi shilingi 300,000, akaitimiza ahadi kwa mifuko 20 ya saruji. Fundi aliipokea na kutia saini kwenye daftari la vifaa. Katibu alinakili majina Jumamosi usiku kutoka daftari la fedha peke yake, na saruji haiandikwi humo.

Jumapili iliyofuata mzee aliketi nyuma, karibu na mlango. Bahasha yake ililetwa na mkewe. Ukimwamkia, anaitikia "marahaba" na kuishia hapo. Ukimuuliza, "Sina neno." Mzee wa huku akikwambia hana neno, ujue analo.

Katibu alianza kwa kumtumia ujumbe wa simu: "Shikamoo baba, nisamehe kama nilikukwaza." Hakujibiwa. Hilo "kama" ndilo lililoharibu, maana linamtupia mzee kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Ndipo akafanya alichopaswa kufanya mwanzo: akafungua madaftari yote mawili, akaiona saini ya fundi. Alasiri moja akaenda kwa mzee akifuatana na mama mmoja wa makamo, maana kwetu binti haendi peke yake kwa mtu mzima aliyemkosea. Hakusingizia haraka wala uchovu. Alisema, "Baba, nilisoma uongo juu yako, na nikaongeza kejeli."

Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Uliyasema wapi, mwanangu?"

"Kanisani, baba."

"Basi hapa nyumbani mimi sina kesi na wewe."

Wapo waliomlaumu mzee kwa jibu hilo, wakimtajia Mathayo 18, kwamba mambo humalizwa kati ya wawili. Wasome vizuri. Maneno yale yanamwelekeza aliyekosewa jinsi ya kumwendea aliyemkosea. Hayampi mkosaji ruhusa ya kuficha masahihisho. Tena Walutheri wenyewe humpokea mbele ya usharika mtu anayerudi kundini. Ikiwa toba ya mtu huyo inastahili kusikiwa na wote, kwa nini haki ya mzee inong'onwe sebuleni?

Hofu ya kutonesha kidonda nayo ina msingi, lakini dawa yake ni kupima maneno. Alasiri ile, kabla ya kuaga, katibu alimuuliza mzee kama angependa jina lake litajwe. Akakubali, ila kiasi kisisemwe. Jumapili, kabla ya tangazo lingine lolote, katibu alisimama palepale na kusoma: "Majuma mawili yaliyopita nilisoma jina la mzee wetu kati ya wenye deni la ahadi. Haikuwa kweli. Alikamilisha ahadi yake kabla ya siku ile, nami sikulitazama daftari la vifaa. Neno nililoongeza lilikuwa la dharau, nalifuta, na ninamtaka radhi mbele yenu." Hakurudia kejeli yenyewe. Hakusema "kulitokea kutoelewana", kauli inayomgawia mzee nusu ya kosa.

Karatasi aliyoisoma ilibandikwa pia kwenye ubao wa matangazo, kwa ajili ya waliosikia kosa na siku ya masahihisho hawakuwapo. Hata hivyo haikumfikia kila mtu; sokoni Ngamiani bado ungesikia kwamba mzee fulani anadaiwa na kanisa. Ndiyo maana baraza la wazee liliamua majina ya wadaiwa yasisomwe tena, na kila tangazo la michango lipitiwe na watu wawili, madaftari yote mawili yakiwa mezani.

Jumapili ile ya masahihisho, mzee alinyanyuka kutoka benchi la nyuma wakati wa sadaka. Akapita katikati ya kanisa hadi mbele, akachukua kapu lake, akaanza na safu ya kwanza.