Vidole sita nitavisamehe, meno ya uongo sitayasamehe

Leo nina hasira kidogo, basi nivumilieni. Kila nikionyesha picha ya mtu iliyotengenezwa na akili unde, kuna mwerevu mmoja atakayechekelea: "Angalia mkono! Hizi mashine hazijui kuhesabu." Halafu mwerevu wa pili atatoa dawa yake: nakili orodha ndefu ya makatazo, ibandike kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, andika `bad hands, extra fingers, bad teeth`, na mambo yatanyooka. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanawaharibia watu picha za jamaa zao.

Nitaeleza kwa kisa kimoja. Mama mmoja, jirani yangu, aliniomba nimtengenezee picha kubwa ya marehemu mama yake kwa ajili ya ukumbusho. Alinipa picha tatu. Ya kwanza ni ya kitambulisho, uso mzuri lakini mdomo umefumbwa. Ya pili ni ya arusi, bibi amesimama nyuma ya watu kumi na kitu, anacheka. Ya tatu inamwonyesha ameketi ameshika mkongojo, ila mkono umefunikwa na kivuli. Alikuwa ameshazipeleka kwa fundi mmoja wa picha, akarudishiwa bibi anayetabasamu vizuri sana, ameshika mkongojo kwa vidole sita. Fundi akamwambia ndivyo ilivyo, mashine haiwezi vidole.

Kila jirani aliyeiona picha ile alicheka vidole. Yeye mwenyewe hakuvitazama hata. Alisema, "Huyu si mama. Mama alikuwa na mwanya."

Mwanya! Bibi wa watu amepewa meno meupe yaliyonyooka kama ya tangazo la dawa ya meno, na mtaa mzima umeona sawa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kidole cha sita ni kosa linalojitangaza lenyewe, hata mtoto ataliona. Meno ya uongo yanapita mlangoni yakisalimiwa.

Sasa, kwa nini hutokea hivyo?

Sababu ya kwanza ni nafasi. Modeli za jamii ya Stable Diffusion, iliyotoka mwaka 2022, hazichori pikseli moja kwa moja. Huchora kwenye picha iliyobanwa, ambamo kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 umekuwa tundu moja. Mraba huo una namba 192 (pikseli 64, kila moja na rangi tatu), lakini ukishabanwa hubaki na namba 4 tu. Modeli mpya zaidi kama FLUX.1 ya mwaka 2024 huweka namba 16 kwa kila tundu, na hiyo ni sababu moja ya picha zao kuwa na maelezo madogo yaliyo safi zaidi. Lakini mraba ni ule ule wa 8 kwa 8.

Tupige hesabu ya picha ya bibi. Ilikuwa na pikseli 1024 kwa 1024, anaonekana kuanzia kichwani hadi magotini. Mdomo wake ulikuwa na upana wa pikseli 70 hivi. Gawanya kwa 8, unapata matundu 9 hivi. Humo unataka mashine ipange meno manane ya juu pamoja na midomo pande zote mbili. Ni tundu moja kwa jino moja! Na mwanya wenyewe ungekuwa na pikseli 5, yaani haujazi hata tundu moja. Mkono nao haukuwa na hali nzuri: kila kidole kilipata matundu mawili au matatu. Vidole na meno vina tabia moja mbaya, kwamba vinafanana na vimepangwa safu. Mashine ikichora kipande kidogo inajua tu kwamba kando ya kidole huwa kuna kidole kingine. Nani ataiambia iache?

Hiyo orodha ya makatazo haiwezi kusaidia hapo. Mashine imejifunza maneno kutokana na picha zenye maelezo ya watu. Ni nani aliyewahi kupiga picha ya shangazi yake akaandika chini "vidole vya ziada"? Picha halisi hazina maelezo hayo. Maneno hayo yanasukuma picha upande fulani kwa kubahatisha, na hayaongezi tundu hata moja mdomoni.

Sababu ya pili ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu haizungumzwi. Tunasema tumeipa mashine picha rejea, tunadhani imeiona yote. Hapana. Njia kama IP-Adapter FaceID hukata uso peke yake, na kifaa cha kutambua nyuso, aina ya ArcFace, huugeuza kuwa orodha ya namba 512. Uso unaoingia humo hupunguzwa kuwa pikseli 112 kwa 112, na mdomo hukaa katika upana wa pikseli 29 hivi. Mkono haumo kabisa. Zaidi ya hayo, fikiria kifaa hicho kilifundishwa kazi gani: kumtambua mtu yule yule awe amenuna au anacheka. Kimefundishwa kupuuza hali ya mdomo! Halafu sisi tunashangaa kwamba mwanya haukufika.

Hata modeli za kuhariri zinazosoma picha rejea nzima, kama FLUX.1 Kontext ya mwaka 2025, haziwezi kuona meno nyuma ya midomo iliyofumbwa. Ukiipa picha ya kitambulisho ukaomba tabasamu, itakupa meno ya wastani wa watu wote iliowaona. Hilo si kosa la kuhesabu. Umeuliza swali ambalo jibu lake halimo katika ulichompa.

Haya basi, dawa. Ni mambo mawili: ongeza nafasi, kisha peleka habari za kweli mahali pale. Kimoja bila kingine hakitoshi. Ukiongeza nafasi peke yake, utapata meno ya uongo yaliyochorwa vizuri zaidi.

Niliikuza picha nzima mara mbili, ikawa pikseli 2048, mdomo ukawa na 140. Kisha nikafungua ile picha ya arusi, nikakata mdomo wa bibi anayecheka, nikaukuza, nikauzungusha kidogo, nikaubandika juu ya mdomo wa picha mpya kwa GIMP. Ulikuwa na ukungu na umebandikwa vibaya, lakini mwanya ulikuwa mahali pake. Nikauongezea weusi kidogo kwa brashi. Baada ya hapo nikakata eneo dogo la kufanyia kazi:

```python
from PIL import Image
picha = Image.open("bibi_2048.png").convert("RGB")
eneo = (860, 560, 1180, 880)   # 320 x 320
mdomo = picha.crop(eneo).resize((1024, 1024), Image.LANCZOS)
mdomo.save("mdomo.png")
```

Ona kilichotokea. Mdomo sasa una pikseli 448, yaani matundu 56 badala ya 9. Kila jino limepata matundu saba, na mwanya umepata manne. Anayetumia AUTOMATIC1111 si lazima aandike programu: akichagua `Only masked` kwenye `Inpaint area`, hukatiwa, hukuziwa na kurudishiwa vivyo hivyo.

Nikachora barakoa juu ya meno na ukingo wa ndani wa midomo tu, nikaiagiza mashine ipake upya hapo, `Denoising strength` ikiwa 0.35. Namba hii ndiyo roho ya kazi. Kwa hatua 30, 0.35 maana yake mashine inafanya takriban hatua 10 za mwisho pekee: inasafisha ukungu na kuunganisha rangi, lakini haihamishi kitu. Nilipojaribu 0.7 mwanya uliziba. Nilipojaribu 0.2 ubandikaji wangu ulibaki ukionekana. Mambo mengine mawili: zima rejea ya uso kwenye hatua hii, na uandike maelezo ya mdomo peke yake. Ukiacha maelezo ya picha nzima na namba ikiwa juu, mashine inaweza kujaribu kukuchorea bibi mdogo ndani ya mdomo wa bibi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Ukimaliza, rudisha kipande mahali pake:

```python
mpya = Image.open("mdomo_mpya.png").resize((320, 320), Image.LANCZOS)
barakoa = Image.open("barakoa.png").convert("L").resize((320, 320))
picha.paste(mpya, eneo[:2], barakoa)
picha.save("bibi_tayari.png")
```

Ukingo wa barakoa uwe umefifishwa, la sivyo utaona mstari kama wa kiraka.

Mkono ulifuata njia hiyo hiyo, ila habari za kweli tulizitoa kwingine. Nilimwomba yule mama ashike mkongojo wenyewe, asimame dirishani ili mwanga utoke upande ule ule wa picha, nikampiga kwa simu. Mkono wake na wa mama yake, alisema, watu walikuwa wakivichanganya. Nikaubandika, nikapaka upya kwa 0.45. Kabla ya kuridhika nilifanya ukaguzi ambao fundi hakuufanya: hesabu vidole, angalia gumba liko upande gani, kisha fuata kila kidole kutoka kwenye kucha hadi kwenye kifundo chake. Kidole kisicho na kifundo ni cha kubuni. Halafu geuza picha kushoto-kulia uitazame tena, maana jicho huzoea kosa upesi.

Na kama hakuna picha hata moja inayoonyesha meno? Basi fumba mdomo wa picha. Hakuna aliyetulazimisha kumchekesha marehemu. Kama mkono haujulikani ulivyokuwa, kata picha kifuani. Kuna mzee mwingine ambaye kidole chake kilibaki kiwandani. Ukimrudishia vitano kwa sababu "mkono sahihi una vidole vitano", umemchora mtu mwingine.

Kwa hiyo, mafundi wenzangu, acheni kuuliza kama picha imetoka sawa. Sawa kwa nani? Mwiteni aliyemjua mtu huyo, mkae kando, mmtazame anapoitazama. Yule mama aliitazama picha ya pili kimya kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya mwanya. Asiyekubaliana nami na alete picha yake na rejea zake, tuhesabu matundu pamoja.