Kabla ya kuandika bei: tangazo la mashine ya diski

Ukurasa wa mwisho wa gazeti letu unapokea matangazo ya vitu vya kuuza kila juma. Kitenge, kitanda na sufuria tunajua kuvieleza. Kikija chombo cha fundi, kalamu inakauka. Juma lililopita nililetewa karatasi yenye maneno haya: «Nauza mashine ya kukata vyuma, nzima, bei nzuri.» Aliyeileta ni mama mjane wa kikundi chetu hapa Bukavu. Mashine ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa fundi wa milango na madirisha ya chuma. Tulikaa pamoja na fundi mmoja wa mtaa, jirani yake, tukaiandika upya. Ninawaeleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu wengi kati yetu tuna chombo cha namna hii chini ya kitanda, na tunakiuza bila kujua tunauza nini.

Kwanza, jina. «Mashine ya kukata vyuma» inaweza kuwa vitu vinne tofauti. Hii ni ile ya kushika mkononi, yenye diski nyembamba inayozunguka upande wa kichwa na kutoa cheche nyingi. Kwenye tangazo jina hilo halitoshi bila kipimo cha diski, kwa maana kuna ndogo za milimita 115 au 125 na kuna kubwa za milimita 230, na kazi zake si moja. Kipimo hicho hakihitaji kukisiwa. Kiko kwenye kibandiko kilichobandikwa ubavuni. Tulifuta mafuta kwa kitambaa, tukanakili kila alama kama ilivyo:

```
230 V ~ 50 Hz   850 W
n0 11000/min    Ø 115 mm   M14
```

Mstari wa kwanza unahusu umeme. 230 V na 50 Hz ni umeme wa nyumba zetu, kwa hiyo mnunuzi hana shida. Lakini soma kila mara, kwani mashine zilizotumika zinazotoka Amerika zinaandikwa 120 V. Ukiichomeka hiyo kwenye priza yetu bila kipunguza nguvu, inaungua kabla hujamaliza kushangaa. Pembeni ya maandishi kulikuwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba mashine imezuiliwa umeme mara mbili kwa ndani, ndiyo sababu fishi yake ina miguu miwili tu na haina waya wa ardhi. Mnunuzi anayeona miguu miwili asidhani mmoja umevunjika.

Wati 850 zinamhusu hasa mnunuzi anayekaa mahali pasipo na nguzo za umeme. Mashine ya namna hii, inapoanza kuzunguka, inavuta nguvu kuliko ile iliyoandikwa. Zile jenereta ndogo za wati 650 haziiwezi. Jenereta ya wati 2,000 inaibeba bila kulia. Tukaandika hivyo, kwani mtu akisafiri nayo hadi kijijini halafu ikakataa kuwaka, atasema ameuziwa mashine mbovu, na mama yetu ndiye atakayerudishiwa.

Sasa vifaa vinavyoandamana nayo. Mama alimwaga mfuko mezani. Mlikuwa na mshikio wa pembeni, funguo yenye meno mawili ya kufungulia nati ya diski, nati yenyewe na pete yake ya chini, kinga ya chuma iliyo kama nusu mwezi, diski mbili za milimita 115 za kukatia, na diski tatu kubwa za milimita 230. Fundi alipoona zile kubwa akatikisa kichwa. Kinga ilikuwa mfukoni, haikuwa mahali pake, na hapo akajua zamani mashine ilitumiwaje: vijana wa atelie walikuwa wanaondoa kinga ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo.

Mama akaniuliza, «Mwalimu, diski hizi bado ni mpya. Nilitaka kumpa mnunuzi bure kama nyongeza. Nizitupe?»

Nilichukua chaki, maana hesabu hii ni ya darasa la sita. Diski ya milimita 115 ikizunguka mara moja, ukingo wake unatembea karibu sentimita 36. Kwa mizunguko 11,000 kila dakika, ukingo unakimbia mita 66 hivi kila sekunde. Kwenye diski hizi kumeandikwa mwendo wa mwisho unaoruhusiwa: mita 80 kwa sekunde. Basi iko salama. Sasa weka ile ya milimita 230 kwenye mashine hiyohiyo. Mizunguko ni ileile, lakini duara ni kubwa mara mbili, na ukingo unakimbia mita 132. Imepita kipimo kwa mbali. Na kwa kweli diski kubwa ina onyo lake lenyewe usoni: isizidi mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Diski hizi ni mchanga mgumu ulioshikwa na gundi na nyuzi. Zikizidiwa mwendo zinapasuka, na vipande vinaruka kwenye uso na tumbo la aliyeishika, wakati kinga iliyopaswa kuvizuia iko mfukoni. Fundi akaongeza kwamba mashine inaweza kufanya hivyo mara ishirini bila ajali, ndiyo sababu vijana hawaamini.

«Basi zisiende pamoja na hii,» mama akasema. Diski kubwa zitauzwa peke yake kwa mwenye mashine kubwa, ikiwa bado zina umri. Ndiyo, diski ina umri. Kwenye pete ndogo ya chuma iliyo katikati kumegongwa mwezi na mwaka, kwa mfano 04/2026, na baada ya hapo haifai, kwa sababu ile gundi inachoka, hasa ikikaa kwenye unyevunyevu. Tulisoma zote tano. Moja kati ya zile ndogo ilikuwa imepita mwaka. Tuliivunja hapohapo ili isiokotwe na mtoto au fundi mwenye haraka.

Neno lililotuchukua muda zaidi ni «nzima». Mimi silipendi kwenye tangazo. Nzima kwa nani, na ilijaribiwa lini? Ni afadhali kuandika kilichofanyika na kilichoonekana, mnunuzi atoe hukumu yake. Kabla ya kuchomeka, fundi alipapasa waya wote kwa vidole, akakawia pale unapoingia kwenye mashine, kwani ndipo unapokatika. Ngozi ya nje ilikuwa imepasuka urefu wa kidole. Aliufupisha na kuufunga upya ndani. Kisha akashika mhimili wa diski na kuusukuma huku na huku. Ukicheza, rulema imekwisha, na diski itatetemeka. Haukucheza. Akatoa makaa mawili yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Moja lilikuwa na milimita 10, jingine 7. Yakifika karibu milimita 5 hubadilishwa yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo hapa bado kuna kazi, lakini si ya miaka.

Halafu akarudisha kinga, akaifunga, akatia diski, akahakikisha kwamba swichi imezimwa, ndipo akachomeka. Akaiacha izunguke bila kazi dakika mbili, huku sisi tumesimama mbali pembeni, si mbele ya diski. Kupitia matundu ya hewa tuliona cheche ndogo za buluu, nazo ni za kawaida. Kama zingekuwa mduara mzima wa moto wenye harufu ya kuungua, tungeacha kuandika. Baadaye akakata mara tatu bomba la mraba la milimita 40, unene milimita 2. Kichwa cha mashine kilipata joto, lakini mkono uliweza kukaa juu yake. Kasoro moja ilibaki: kishikizo cha kinga kimelegea, kinahitaji skrubu mpya.

Jaribio lilifanyika asubuhi, na sababu ipo. Jioni umeme wa mtaa unashuka kwa kuwa kila mtu anapika na kuwasha taa. Mashine inazunguka polepole, mnunuzi anasema imechoka, na anayekata anaikandamiza mpaka inapata moto bure.

Kuhusu matumizi, tangazo si kitabu, lakini kuna mambo tuliyoona hayawezi kuachwa. Miwani ya kufunika macho yote, si ile ya jua. Kitenge kisichofungwa vizuri, kitambaa kinachoning'inia na rasta ndefu havikaribii diski, maana inavivuta kwa haraka kuliko mkono unavyoweza kuachia. Diski nyembamba ni ya kukata tu. Ukiilaza ubavu ili kusaga, inavunjika. Ukizima, diski inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa, basi isiwekwe chini wala kubonyezwa kile kidude cha kufungia mhimili mpaka isimame. Ukibadilisha diski, chomoa fishi kwanza, usitegemee swichi.

La mwisho tuliliandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wanaotengeneza babula kwa mapipa. Pipa lililowekwa petroli au mazuti, hata likikauka na kukaa jua miezi, linabaki na mvuke ndani. Cheche moja inalilipua. Mashine hii haikati pipa la namna hiyo, na kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi.

Hili ndilo tangazo lililotoka, nanyi mnaweza kulifuata kama mfano:

«Nauza mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma, diski ya milimita 115, wati 850, volti 230, fishi ya miguu miwili. Kwa jenereta, iwe ya wati 2,000. Ina kinga, mshikio, funguo, nati na pete yake, na diski moja ya kukatia ambayo tarehe yake haijapita. Imejaribiwa Alhamisi asubuhi na fundi: dakika mbili bila kazi, kisha kukata bomba la milimita 40 mara tatu, bila kutetemeka. Waya umefupishwa na kufungwa upya. Makaa yamebaki milimita 10 na 7. Kishikizo cha kinga kimelegea. ISIWEKWE DISKI KUBWA KULIKO 115. ISIKATE PIPA LA MAFUTA. Bei dola 25. Mnunuzi aijaribu mwenyewe, Jumamosi kabla ya saa sita.»

Mama alikuwa anataka dola 30. Alipunguza 5 kwa ajili ya kile kishikizo na makaa. Skrubu tuliitafuta soko la Kadutu, lakini hatukupata ya urefu wake, kwa hiyo mnunuzi aje na fundi wake au aulize kwanza kwa anayetengeneza mashine. Kabla haijapatikana, asiiwashe.