Katuni kwa Kiswahili: mtafsiri aangalie mdomo kwanza

Mtoto wa Butembo ao Beni anaona kosa haraka: mdomo wa katuni umekwisha kufunga, lakini sauti ingali inaendelea. Mara nyingi kosa hilo si la mwigizaji. Ni la mtafsiri aliyefuata kamusi.

Mfano ni kilio cha Kiingereza "Help me!" Kina silabi mbili, na midomo inakutana mara moja, katikati. Kamusi inatoa "Nisaidie!": silabi tano, na midomo haikutani hata mara moja. Mwigizaji akikimbiza neno, halisikiki vizuri. Akilisema polepole, sauti inapita picha.

Lakini mtoto wa hapa akiteleza mtoni analia nini? "Mama!" Silabi mbili. Midomo inakutana mwanzoni, wakati mdomo ungali umefungwa, kisha tena katikati. Sauti na picha vinaenda pamoja.

Kama mama wa mhusika yuko katika hadithi, neno hilo litachanganya watoto. Na mhusika akigeuka ao akiwa mbali, "Nisaidie!" inafaa bila shida. Lakini uso ukijaza skrini, mdomo ndio uchague neno, kamusi ifuate.