Waifai ya majina mawili ya nini?

Wadau, juzi nilikuwa Bagamoyo, nyumba ya wageni ya kuta nene za mawe ya matumbawe. Mwenyeji katenganisha majina: moja la gigahezi 2.4, jingine la 5. Sebuleni nikaingia la 5, kasi safi. Chumbani, kuta mbili katikati, ikakatika nikiwa natuma habari. Lile la 2.4 lilifika vizuri, ila simu haikulijua.

Mimi nasema jina moja. Ruta huchelewa kujibu kwenye 2.4 ili simu iende 5, lakini mwamuzi ni simu. Tenganisha pale tu kamera isiyojua 5 inapogoma hata baada ya kuzima 5 kwa muda na kuiunganisha upya.