Taa inawaka, lakini hewa ya chumba ni sumu

Ndugu wachimbaji, mama na vijana wa Masisi na Walikale,

Hewa ya shimo tunaijua kuiogopa. Mshumaa ukizimika kule chini, tunapanda mbio. Nyumbani, mazoea hayo yanatudanganya. Kule Rubaya baridi inatusukuma kuingiza mbabula chumbani. Kule Bisie ni mvua: tunaiingiza ili maharagwe yaive na nguo za kazi zikauke. Mlango umefungwa, shitingi imeshuka mpaka chini. Makala ni mekundu, hakuna moshi, taa inawaka vizuri. Basi tunalala.

Makala hayo yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na haizimi mshumaa. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua lakini damu haibebi pumzi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu watano. Kwanza mama anaumwa kichwa, kisha mtoto anatapika, mwingine anasikia kizunguzungu. Baba anasema ni malaria, tutaona kesho. Baadaye anataka kusimama, miguu inakataa, akili imechanganyika. Amechelewa. Malaria haishiki watu wote wa nyumba saa ile ile, na kwa kawaida inaleta homa. Gazi inawashika pamoja, bila homa, na kichwa kinapunguka wakitoka nje. Ukiona hivyo, toeni watu wote, hata asiyelalamika.

Ukikuta wamezimia, ita watu kwanza. Fungua mlango, pandisha shitingi. Vuta pumzi nje, ingia, mburute mmoja, toka, uvute tena. Kitambaa chenye maji puani hakizuii gazi hii. Usibaki ndani kupigana na mbabula, watu kwanza.

Nje, anayepumua alazwe ubavu. Usimpe maziwa wala maji, yatamsonga. Asiyepumua, sukuma katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, mpulizie mdomoni mara 2, uendelee hivyo. Kisha wote waende kituo cha afya, mwenye mimba mbele, kwa sababu mtoto wa tumboni anaumia kuliko mama. Mwambieni muganga: tulilala na mbabula. Bila neno hilo, kale kachombo ka kidoleni kanaweza kumdanganya kwamba oksijeni ni ya kutosha. Dawa ni oksijeni yenyewe: kwa hewa ya nje tu, nusu ya sumu inachukua saa 4 hivi kutoka mwilini, kwa oksijeni ni kama saa moja na kidogo.

Kufunika makala na majivu si kuyazima, na tundu dogo ukutani halitoshi. Mbabula ilale nje. Na kwa kuwa mvua haitaisha, tunadai kwa makoperative: kila karyere ijengewe jiko lenye paa, wazi pande zote, ili mama asilazimike kupika pale watoto wanapolala.